Kabla Mpige Makofi: BLEU ya 76 Inaweza Kuua Shosho Yako

Wasee, kuna posti moja inarudi kila baada ya miezi michache. Picha ya grafu, mistari inapanda juu, halafu maandishi makubwa: "Kompyuta sasa inaongea Kikamba!" Au Dholuo. Au Gĩkũyũ. Chini yake komenti mia tatu za moto na bendera ya Kenya. Hakuna hata mtu mmoja aliyefungua pepa yenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Nilishea posti kama hiyo mwaka uliopita na nikaandika "tumefika", na sa hii naona aibu.

Leo nataka kubishana na hiyo tabia. Sisemi watafiti ni waongo. Nasema pepa ya kutafsiri lugha zenye maandishi machache inaweza kuwa na namba tamu sana na bado isikuambie chochote kuhusu kama hiyo modeli inaweza kuongea na shosho yako. Na kujua tofauti hauhitaji digrii. Mimi niliacha kampasi mwaka wa tatu, na nimejifunza kusoma hizi pepa kwa simu, kwa matatu, nikiwa nimesimama. Kuna maswali matatu tu. Ukiyashika, hakuna grafu itakuchezea tena.

Tuanze na hiyo namba yenyewe, ile inaitwa BLEU.

BLEU inafanya hivi. Kuna tafsiri ya binadamu, tuiite ya mwalimu. Kuna tafsiri ya kompyuta. BLEU inahesabu ni maneno mangapi ya kompyuta yako pia kwa mwalimu, kisha inaangalia maneno mawili yanayofuatana, matatu, mpaka manne. Inachanganya hizo hesabu nne na kukupa namba kati ya 0 na 100. Basi. Hakuna mahali inaposoma maana.

Sasa chukua sentensi ya pale kliniki. Mwalimu ameandika: "Usimeze dawa hii kabla ya kula." Modeli ya kwanza inatoa: "Meza dawa hii kabla ya kula." Modeli ya pili inatoa: "Kula kwanza ndio unywe dawa hii."

Wewe na mimi tunajua nani yuko sawa. Ya pili iko sawa kabisa, hata ndivyo nesi mwenyewe angeongea. Ya kwanza imemwambia mgonjwa afanye kinyume. Lakini piga hesabu. Ya kwanza ina maneno 6, na 5 kati yake yako kwa mwalimu. Jozi za maneno mawili ni 5, na 4 ziko sawa. Za matatu ni 4, na 3 ziko sawa. Za manne ni 3, na 2 ziko sawa. Zidisha hizo sehemu nne unapata theluthi moja, chukua kipeo chake cha nne, na BLEU inakuwa kama 76. Hiyo ni namba ambayo mtafiti angeweka kwa fremu ukutani. Ya pili ina maneno matatu tu yanayolingana, jozi moja tu ya "dawa hii", na hakuna hata kundi moja la maneno matatu linalolingana. Bila kuongezewa ujanja wa kulainisha hesabu, BLEU yake ni sufuri.

Soma tena. Tafsiri inayoweza kumdhuru mtu, 76. Tafsiri sahihi, 0.

Najua mtu wa hesabu atasema BLEU haikuundwa kupima sentensi moja, imeundwa kwa wastani wa sentensi elfu. Ni kweli. Kwa sentensi nyingi mambo hulainika. Lakini ile shida ya chini haiendi popote: lugha zetu zinabeba maana nzito kwa silabi moja ndani ya neno. "Usi-" ni herufi tatu. Nani, lini, kwa nani, ndiyo au hapana, vyote viko ndani ya kitenzi kimoja. Kwa hivyo watu wengi sasa wanaripoti kipimo kingine kinachoitwa chrF, kilichopendekezwa na Maja Popović mwaka wa 2015, ambacho kinahesabu vipande vya herufi na si maneno mazima. Hicho ni bora kwetu, kwa sababu "nitampigia" na "nitakupigia" hazihesabiwi kama maneno mawili yasiyojuana. Lakini chrF pia haijui "usi-" ina uzito gani. Kwake hizo ni herufi tatu kama zingine.

Kwa hivyo ukiona pepa imeleta BLEU peke yake kwa lugha ya Kibantu, hapo tayari unaanza kukunja uso. Na ukiona "tumeongeza asilimia 44", uliza asilimia 44 ya nini. Kutoka 10 hadi 14.4 ni ongezeko la asilimia 44. Na 14.4 bado ni tafsiri mbaya.

Sijatoa hiyo 44 hewani. Julai 2022, Meta walitoa modeli inaitwa NLLB-200, lugha 200, na wakatangaza kwamba imeongeza BLEU kwa wastani wa asilimia 44 juu ya kazi zilizotangulia. Hiyo ni pepa kubwa, na mwaka wa 2024 ilitoka pia kwa jarida la Nature. Humo ndani kuna Kiswahili, Gĩkũyũ, Kikamba, Dholuo na Kisomali. Nitaitumia kama mfano kwa sababu ni moja ya zile zilizofanya kazi kwa bidii. Kama hata hiyo inahitaji maswali, basi fikiria ile pepa ya kurasa nne uliyotumiwa kwa WhatsApp.

Swali la kwanza: mtihani wenyewe uliandikwa na nani, kutoka wapi?

NLLB ilipimwa kwa seti inaitwa FLORES-200. Ina sentensi 3,001 zilizochukuliwa kutoka makala 842 za Kiingereza, za Wikinews, Wikijunior na Wikivoyage. Yaani habari, masomo ya watoto, na maelezo ya utalii. Hizo sentensi zikapewa watafsiri wa kulipwa wazibadilishe kwa kila lugha. Sentensi zilezile, lugha zote.

Uzuri wake unaonekana: unaweza kulinganisha Kikamba na Kiswahili na Kisomali kwa swali moja. Lakini angalia kilichotokea. Hakuna sentensi hata moja iliyoanza kwa Kikamba. Kila kitu kilizaliwa Kiingereza. Hakuna mama anayepigia soko Wote kuuliza bei ya ndengu. Hakuna mtu anayeeleza mtoto wake ameharisha tangu jana. Kuna Kiingereza cha habari kilichovalishwa Kikamba. Tafsiri huwa na harufu ya kule ilikotoka: mpangilio wa sentensi, maneno ya kuazima, urefu. Modeli iliyozoea Kiingereza inapenda hiyo harufu. Kwa hivyo unapopima kutoka Kikamba kwenda Kiingereza kwa seti kama hiyo, unaipa modeli Kikamba rahisi kuliko kile cha shosho. Namba inapanda, na shosho bado haeleweki.

Halafu kuna ubora wa hizo tafsiri zenyewe. Wenye FLORES waliweka kiwango: tafsiri za lugha moja lazima zifike alama 90 kwa 100 ndio zikubaliwe. Ni kiwango kizuri, lakini si 100. Na mwaka wa 2024 kikundi cha watafiti, wakiwemo wasemaji wenyewe, kilirudia kuzisoma sentensi za lugha nne za Kiafrika ndani ya FLORES: Kihausa, Kisotho cha Kaskazini, Kitsonga na Kizulu. Walikuta makosa na maneno yasiyolingana, kiasi kwamba walilazimika kusahihisha na kutoa toleo jipya. Elewa maana yake. Karatasi ya majibu ya mwalimu ilikuwa na makosa. Modeli iliyotafsiri vizuri ilikatwa alama, na iliyorudia kosa la mwalimu ikapewa.

Sasa lugha zetu nani amezirudia? Hilo ndilo swali la kumuuliza mtu anayekuletea namba ya Kikamba. "Wewe mwenyewe ulisoma sentensi hamsini za huo mtihani na mtu wa Kitui au Machakos? Mlipata nini?" Kama pepa ina mistari mitatu tu kuhusu mtihani na kurasa saba kuhusu modeli, jibu unalo.

Swali la pili: mtihani ulivuja?

Hapa ndipo mimi nilishtuka zaidi, na hapa ndipo naona pepa ndogo nyingi zinaangukia.

Lugha zenye maandishi machache zina kitabu kimoja karibu zote: Biblia. Ina aya karibu 31,000, na kila aya ina namba, kwa hivyo ni rahisi kuipanga aya kwa aya na Kiingereza. Mtafiti anachukua Biblia, anachanganya aya kama karata, asilimia 90 anafundishia, asilimia 10 anapimia. Anaandika kwa pepa: "Tuligawanya data bila mpangilio." Inasikika kisayansi, si ndio?

Kama ulienda shule ya Jumapili, fungua Hesabu sura ya 7. Viongozi kumi na wawili wanaleta sadaka, mmoja kila siku, na sadaka ni ileile. Kila mmoja anaelezwa kwa aya sita, maneno karibu yaleyale, mara kumi na mbili. Hizo ni aya 72. Sasa changanya karata. Chukua ile aya ya sahani ya fedha, iko mara kumi na mbili. Uwezekano kwamba angalau moja itaangukia upande wa mtihani ni kama asilimia 72. Na ikiangukia huko, ndugu zake kumi au kumi na mmoja wako upande wa mafunzo wakiwa wamevaa nguo zilezile. Modeli haijatafsiri kitu hapo. Imekumbuka.

Si Hesabu peke yake. Zaburi ya 14 na ya 53 ni karibu kitu kimoja. Zaburi ya 136 inarudia nusu ya aya kwa aya zote 26. Isaya 36 mpaka 39 inafuatana sana na 2 Wafalme 18 mpaka 20. Mathayo, Marko na Luka wanasimulia mambo mengi kwa maneno yanayokaribiana, na ile hadithi ya kulisha watu elfu tano iko kwa Injili zote nne. Ukigawanya aya bila mpangilio, umempa mwanafunzi mtihani ambao majibu yake yako kwa daftari lake.

Cha kufanya ni rahisi: gawa kwa vitabu vizima, na uhakikishe vitabu vinavyofanana viko upande mmoja. Mathayo, Marko na Luka wote waende kufundishia, au wote wakae nje. Ukiona pepa ya Biblia isiyosema imegawanya vipi, usishee.

Kuna uvujaji wa ujanja zaidi. Tuseme modeli imefunzwa Gĩkũyũ na Kiingereza, na inapimwa Kikamba kwenda Kiingereza. Aya ya mtihani ya Kikamba haimo kabisa kwa mafunzo. Safi? Hapana. Kiingereza cha aya hiyohiyo kilipita upande wa Gĩkũyũ. Modeli ikishaona majina mawili na namba moja kwa Kikamba, inaimba Kiingereza ilichokariri. Hii si shida isiyo na dawa. Watu wa Masakhane, ule mtandao wa watafiti wa Kiafrika, walipoanza kutafsiri kwa kutumia data ya JW300, walitengeneza orodha moja ya sentensi za Kiingereza za mtihani kwa lugha zote, na kila mtu alitakiwa kuzitoa kwa mafunzo yake, hata zile zinazokaribiana sana bila kuwa sawasawa. Kazi ya vijana wa kujitolea, kwa kompyuta za bure. Kwa hivyo mtu mwenye pesa akikuambia ilikuwa ngumu, mcheke.

Na unaweza kuangalia wewe mwenyewe. Kama pepa imetoa faili zake, hii inatosha kuanza:

```python
import re, unicodedata

def safisha(s):
    s = unicodedata.normalize("NFC", s).lower()
    return re.sub(r"[^\w\s]", "", s).strip()

train = {safisha(l) for l in open("train.txt", encoding="utf-8")}
test = [safisha(l) for l in open("test.txt", encoding="utf-8")]
print(sum(s in train for s in test), "kati ya", len(test))
```

Huo mstari wa NFC usiutoe. Herufi ĩ ya Gĩkũyũ na Kikamba inaweza kuandikwa kwa kompyuta njia mbili: kama herufi moja, au kama i ya kawaida na kiwimbi kinachoongezwa juu yake. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti. Mtu akilinganisha bila kusawazisha, atasema "hakuna sentensi iliyorudiwa", na kumbe zimejaa. Kosa hilohilo linaweza kumfanya akate modeli alama bure, kwa sababu mwalimu aliandika ĩ ya njia moja na modeli ikaandika ya njia nyingine. Vilevile kile kialama cha "ng'ombe": kuna kilichosimama wima na kuna kilichopinda, ndio maana hapo juu nimevifuta vyote.

Kumbuka hii inakamata tu nakala zilezile. Ile aya ya Hesabu ambayo jina la kiongozi limebadilika itapita. Kwa hizo unahitaji kulinganisha kwa ukaribu. Lakini ukikuta hata nakala kamili ni nyingi, hauhitaji kuendelea. Namba ya hiyo pepa umeshaijua thamani.

Na FLORES je? Ile seti iligawanywa mara tatu: sentensi 997 za kujaribia, 1,012 za mtihani wa wazi, na 992 zilizofichwa. Wazo zuri. Lakini hizo mbili za kwanza mtu yeyote anaweza kuzipakua, na pepa nyingi zinapima kwa zile 1,012. Modeli yoyote iliyofunzwa baadaye kwa kukusanya mtandao mzima inaweza kuwa imezimeza. Zaidi ya hapo, mwaka wa 2023 ilitoka seti nyingine ya maswali ya ufahamu, Belebele, na vifungu vyake vinatoka FLORES. Kwa hivyo pepa ikikuambia "tumeshinda kwa vipimo viwili tofauti", angalia kama ni viwili kweli au ni mtihani mmoja uliovaa kofia mbili. Pepa ya heshima itasema: modeli yetu ilianzia kwa modeli gani, na hiyo ya kwanza ilikula nini. Ikikaa kimya, chukulia mtihani ulionekana.

Swali la tatu: binadamu alisoma?

Hapa wengi watakuambia, "Ndiyo, tulipima na wasemaji asili." Sentensi moja. Na sisi tunaridhika, kwa sababu imetajwa "wasemaji asili" na tunahisi tumeheshimiwa.

Wacha niwaambie kitu. Mimi nimekuwa msemaji asili wa kulipwa. Baada ya kuacha kampasi nilichukua kazi ya mtandaoni ya kupa tafsiri alama, moja mpaka tano, Kiingereza kwenda Kikamba. Kazi yenyewe ilitoka kwa kampuni moja ambayo siitaji. Mimi nimezaliwa Umoja. Kikamba changu ni cha Desemba, cha kusalimia na kuitwa kula. Swali walilouliza kwa fomu lilikuwa, "Je, wewe ni msemaji asili?" Nikabonyeza ndiyo, kwa sababu shosho yuko Makueni na kodi ilikuwa imefika. Tulilipwa kwa sentensi, kwa hivyo ukisoma pole pole unapoteza. Hatukupewa mfano wa tatu ni nini na nne ni nini. Sentensi zilikuja moja moja bila ile iliyotangulia, kwa hivyo "alimpa" sikujua nani alimpa nani. Nikiona maneno nayoyajua, nilipa nne. Nisipoyajua, nilipa nne pia, kwa sababu niliona ni Kikamba kizito, ni mimi ndio sijui.

Siku moja nilimsomea shosho kumi kati ya hizo kwa simu. Ya tatu akanikatiza: "Mwanangu, huyo anaongea nini?" Mimi nilikuwa nimeipa nne.

Hiyo nne yangu iko kwa wastani fulani mahali fulani. Huyo ndiye "msemaji asili" wenu.

Sasa, kuna njia ya kufanya hii kazi vizuri, na NLLB waliijaribu. Walitumia mizani inaitwa XSTS, moja mpaka tano, ambapo kila namba ina maelezo yake, na swali ni moja tu: maana imebaki? Si kama sentensi inapendeza. Na waliwapa wapimaji wa lugha zote seti moja ya pamoja ya kusawazisha, ili ijulikane nani ni mkali na nani ni mpole, kwa sababu nne ya mtu wa lugha moja inaweza kuwa tatu ya mwingine. Hicho ndicho kiwango cha kudai.

Na pepa ikikuambia wapimaji walikubaliana, uliza walikubaliana vipi. Huu mfano uushike. Sentensi 100, wapimaji wawili, kila mmoja anasema nzuri au mbaya. Achieng anaweka 10 kuwa mbaya. Otieno anaweka 10 kuwa mbaya. Lakini hakuna hata moja iliyo kwa orodha zote mbili. Wamekubaliana kwa sentensi ngapi? Themanini. Pepa inaandika "makubaliano ya asilimia 80", na wewe unafikiri ni nzuri.

Lakini hawa watu wawili hawajakubaliana kwa kosa hata moja! Kama kila mmoja angefunga macho na kubonyeza "nzuri" mara 90 kwa 100, wangekubaliana kwa bahati tu kwa asilimia 82: tisini kwa tisini inaleta 81, kumi kwa kumi inaleta 1. Asilimia 80 yao iko chini ya bahati. Kuna kipimo kinachotoa hiyo bahati, kinaitwa kapa ya Cohen, na hapa kinatoka hasi, kama -0.11. Ndio maana pepa nzuri huandika kapa au kipimo cha aina hiyo, na pepa ya haraka huandika asilimia.

Kwa hivyo kwa swali la tatu dai vitu vichache tu. Walikuwa wangapi, na wanaishi na hiyo lugha au wanaitembelea Desemba kama mimi? Waliulizwa nini hasa? Walijua ipi ni ya modeli na ipi ni ya binadamu? Walikubaliana kiasi gani baada ya kutoa bahati? Na cha mwisho, makosa yaliyopatikana ni ya aina gani? Pepa ikinipa mifano ishirini ya makosa mabaya, pamoja na zile "usi-" zilizopotea, naiheshimu kuliko ile iliyonipa wastani wa 4.2 na kusonga.

Najua mtu ameshaandika kwa kichwa chake: "Lakini bro, huu ni mwanzo. Lugha zetu hazikuwa na kitu. Bora hiki kuliko bila. Mbona unabomoa?"

Nimefikiria hilo sana, na jibu langu ni hapana, si bora hiki. Namba mbaya inafunga mlango. Ukishaandika "Kikamba: 76", mtu wa bajeti anaweka tiki na kuendelea na lugha nyingine. Mtu wa kliniki anaona tiki na kuweka hiyo modeli kwa simu za wagonjwa. Lugha isiyo na namba angalau inajulikana haina, na nesi ataita mtu wa kutafsiri. Lugha yenye namba ya uongo haitafutiwi mkalimani. Anayelipa hiyo gharama si mtafiti wala si mimi na wewe wenye Kiingereza. Ni mtu anayesoma "Meza dawa hii kabla ya kula" na kuamini.

Na kusema ukweli, watafiti wazuri ndio wanaoumizwa zaidi na makofi yetu. Yule aliyegawanya data yake kwa uaminifu, akatoa nakala, akaleta wapimaji wanaojua lugha, anapata namba ndogo. Anaonekana ameshindwa na yule aliyechanganya karata za Biblia. Tukimshea huyo wa karata, tumechagua ni nani ataendelea kufanya hii kazi.

Kwa hivyo safari nyingine ukiona grafu inapanda na bendera chini yake, fungua pepa. Nenda moja kwa moja kwa sehemu ya data, kabla ya sehemu ya matokeo. Tafuta mtihani umetoka wapi, umegawanywa vipi, na nani alisoma majibu. Kama hayo matatu yameandikwa wazi, shea, hata kama namba ni 12. Kama hayapo, piga simu nyumbani, soma sentensi tatu, na usikilize kama utaulizwa, "Huyo anaongea nini?"

Mimi ile posti yangu ya "tumefika" nimeifuta. Tutafika, lakini shosho ndiye atasema.